Rasimu ya Mashine Haina Shahidi

Naomba tuanze kwa kusoma aya moja. Nimeitunga kwa ajili ya mhadhara huu, nikifuata sura ya aya ambazo programu za akili mnemba humpa mtu aliyeziagiza makala ya kilimo: "Sumukuvu ni changamoto kubwa inayowakabili wakulima wengi duniani. Ili kuidhibiti, mkulima anashauriwa kukausha mahindi yake vizuri hadi unyevu ufikie asilimia 15.5, kuyahifadhi mahali pasafi penye hewa ya kutosha, na kuyapika vizuri kabla ya kula ili kuua sumu. Kiwango cha sumukuvu kinachoruhusiwa katika chakula ni maikrogramu 20 kwa kilo. Kwa kufuata kanuni hizi, mkulima atalinda afya ya familia yake na kuongeza kipato."

Kiswahili chake hakina dosari ya kumshtua mtu. Sentensi zinafuatana, sauti ni ya mtaalamu, na mhariri anayekimbizana na saa ya kupeleka kurasa kiwandani ataipitisha bila kusita. Hata hivyo, kati ya sentensi hizo nne, mbili zina makosa, na kosa mojawapo linaweza kuua. Mbili zilizobaki, ile ya kwanza na ile ya mwisho, hazina kosa lolote kwa sababu hazisemi lolote. Ukiondoa neno "sumukuvu" ukaweka "ukame" au "viwavijeshi", zitasimama vilevile. Hoja yangu leo ni kwamba kasoro hizi mbili, kosa na utupu, zina chanzo kimoja: nyuma ya maneno hayo hakuna mtu aliyekwenda kuangalia. Kwa hiyo dawa yake nayo ni moja. Tumezoea kudhani kwamba kuhakiki ukweli ni kazi ya mezani, na kwamba ushuhuda wa mtu aliyefika mahali husika ni pambo la kuchangamsha makala. Nitajaribu kuonyesha kuwa hizo ni kazi moja, na kwamba anayetumia rasimu ya mashine bila kuifanya hiyo kazi hajaandika chochote anachoweza kukitetea.

Tuzichukue namba kwanza, kwa kuwa namba humtuliza msomaji, na hapo ndipo panapohitaji macho makali. Asilimia 15.5 ni namba ya kweli, haikuzuliwa. Ni kipimo cha unyevu kinachotumika Marekani kama msingi wa biashara ya mahindi. Maikrogramu 20 kwa kilo nayo ni namba ya kweli: ndicho kikomo cha Marekani cha sumukuvu katika vyakula vya binadamu. Lakini mkulima wa Kongwa au wa Makueni hauzi mahindi Marekani. Kiwango cha mahindi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka unyevu usiozidi asilimia 13.5, sumukuvu yote kwa jumla isizidi maikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina kali zaidi iitwayo B1 isizidi 5. Mashine hizi zimefundishwa kwa maandishi mengi mno ya Kiingereza, na sehemu kubwa ya maandishi hayo imeandikwa Marekani. Zinapoulizwa kwa Kiswahili, hutoa jibu la kule zikiwa zimelivisha lugha ya huku. Kosa la namna hii ni gumu kuligundua kuliko uzushi mtupu, maana mhakiki akiitafuta namba hiyo ataikuta, tena kwenye nyaraka za heshima. Atatosheka kwamba ipo, asijiulize ni ya wapi.

Tofauti ya 10 na 20 si suala la wataalamu peke yao. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kuingia nchini humo kwa sababu ya sumukuvu, na ilipolegeza zuio siku chache baadaye iliweka sharti kwamba shehena iwe na cheti kinachoonyesha sumu iko chini ya kiwango cha 10. Mfanyabiashara aliyesoma makala yetu ya mfano, akapima mzigo wake, akapata 16, angejiona salama. Lori lake lingefika Namanga na kukwama hapo, na hasara ingekuwa yake, si ya mwandishi.

Sasa sentensi ile ya kupika. Sumukuvu hutengenezwa na kuvu, hasa anayeitwa Aspergillus flavus, anayeota kwenye punje zenye unyevu na joto. Moto wa jikoni humuua kuvu, hilo ni kweli. Lakini sumu aliyokwisha kuiacha ndani ya punje haivunjiki mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 200, na maji ya ugali huchemka kwenye 100. Ugali uliosongwa ukaiva vizuri kabisa bado una sehemu kubwa ya sumu iliyokuwa kwenye unga. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68 na wakafariki 20. Hao hawakula mahindi mabichi. Walikula chakula kilichopikwa kama kinavyopikwa kila siku. Kwa hiyo maneno "kuyapika vizuri ili kuua sumu" yanampa mama ruhusa ya kutumia mahindi ambayo pengine angeyatupa.

Mashine ilifikaje hapo? Haikukusudia kudanganya, maana haina makusudio. Kazi yake ni kukadiria maneno yanayoelekea kufuatana, na katika maandishi ya usalama wa chakula maneno "pika vizuri" hufuatana mara nyingi mno na maneno ya kuua vijidudu. Kwa nyama na mayai ushauri huo ni sahihi. Umehamishiwa kwenye sumu kwa sababu maneno yake yanafanana, ingawa mambo yenyewe hayafanani. Hapa ndipo mhakiki anapotakiwa kuwa macho: rasimu hukosea zaidi pale ambapo jambo la mahali fulani linakwenda kinyume na kanuni ya jumla. Mahali hapo ndipo mashine inaposikika kuwa na uhakika, kwa kuwa kanuni ya jumla imeikuta mara maelfu na ule mkengeuko imeukuta mara chache.

Mfano wa pili wa jambo hilohilo ni ile "hewa ya kutosha". Kwa mahindi yanayoendelea kukauka kichanjani, au yaliyo katika viroba vya kawaida, hewa inafaa. Lakini leo wakulima wengi hutumia mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye tabaka mbili za nailoni ndani na kiroba nje, ambayo wengi wanaiita mifuko ya PICS. Nguvu yake yote iko katika kuikosesha hewa: dumuzi na wadudu wengine huitumia oksijeni iliyobaki ndani, ikipungua wanaacha kula na kufa. Mkulima akiisoma makala yetu, akaamua kuufungua mfuko kila baada ya siku chache ili mahindi "yapate hewa", amelipia mfuko wa bei na kuugeuza kiroba cha kawaida. Tena mfuko huo una hatari yake ya upande mwingine. Ukitiwa mahindi ambayo hayajakauka, unyevu hauna pa kutokea, na mahindi huharibika humo humo. Sentensi moja isiyo na madhara machoni inakuwa sahihi au mbaya kutegemea chombo alichonacho msomaji nyumbani, na mashine haijui chombo hicho.

Basi kuhakiki ni nini hasa? Mara nyingi watu hufanya lile lililo karibu: wanairudia mashine na kuiuliza kama ina uhakika. Tunajua njia hiyo inaishia wapi. Mwaka 2023, katika mahakama ya shirikisho mjini New York, kwenye shauri la Mata dhidi ya shirika la ndege la Avianca, mawakili waliwasilisha hoja zilizonukuu hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa. Mashine ilikuwa imezitunga, pamoja na majina ya wahusika na namba za mashauri. Wakili alikuwa ameiuliza mashine kama hukumu hizo ni za kweli, nayo ikamjibu kuwa ni za kweli. Jaji Kevin Castel aliwatoza faini ya dola 5,000. Kilichokosekana pale hakikuwa akili wala elimu ya sheria. Shahidi aliyeulizwa alikuwa yuleyule mshitakiwa.

Uhakiki wa kweli huanza kwa kalamu. Rasimu ipigiwe mstari chini ya kila dai linaloweza kuwa kweli au uongo: kila namba, jina, mwaka, sababu, agizo. Katika aya yetu tunapata madai manne: unyevu, hewa, kupika, na kiwango. Kila dai liulizwe maswali matatu kwa mpangilio huu. Je, waraka unaosemekana kulithibitisha upo? Je, unasema hivyo kweli, ukiusoma mwenyewe na si muhtasari wake? Je, unahusu mahali hapa na watu hawa? Swali la kwanza hunasa uzushi, kama ule wa hukumu za New York. La pili hunasa upotoshaji. La tatu ndilo wengi wanaloliruka, na ndilo linalonasa asilimia 15.5. Kwa mahindi, majibu hayako mbali: yamo katika kiwango chenyewe, ambacho shirika la viwango la nchi linacho, kwa ofisa ugani wa kata, na kwa watafiti wa mavuno kama wale wa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro. Simu moja kwa mtu anayejua ina thamani kuliko kurasa kumi zinazonakiliana.

Lakini swali la tatu haliishii kwenye waraka. Tukisha kuandika "kausha hadi asilimia 13.5", tumeandika kweli ambayo msomaji hawezi kuitumia. Nyumba nyingi hazina kipima unyevu. Mkulima huing'ata punje, huisikiliza ikivunjika, huisikia mkononi. Mwandishi asiyejua hivyo atadhani kazi imekwisha alipopata namba sahihi. Aliyekwenda kuangalia, akakaa pembeni ya turubai mahindi yakigeuzwa, atauliza: utajuaje kuwa yamefika? Swali hilo ndilo litakalomfikisha kwenye kipimo cha chumvi.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu na yenye kifuniko. Tia mahindi mpaka robo au theluthi ya chupa, ongeza kiasi cha kiganja cha chumvi iliyokaushwa vizuri, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha uiache itulie kwa robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu. Isipoganda, yamekauka kiasi. Makala nyingi huishia hapo na kumwambia mkulima ayafungashe. Mwandishi aliyeshika chupa yake huku waraka uko mezani ataona pengo: chumvi huganda pale unyevu unapozidi asilimia 15 hivi, ilhali kiwango kinataka 13.5. Chumvi kuacha kuganda kunamaanisha kuwa mahindi yameingia mlangoni, hayajafika ndani. Inabidi yaendelee kuanikwa, na kama kuna kipima unyevu kwenye ghala la chama cha ushirika, yapelekwe yakapimwe kabla ya kufungwa kwenye mfuko usiopitisha hewa. Jambo hili hulipati ukiwa na waraka peke yake, wala hulipati ukiwa na chupa peke yake. Unalipata ukiwa na vyote viwili, na ndiyo maana nasema uhakiki na ushuhuda ni kazi moja.

Utaona pia kwamba utupu wa rasimu umeondoka wenyewe, bila mtu kuongeza madoido. Sentensi za jumla hukaa pale ambapo mwandishi hana la kusema. Mhariri huzipenda kwa sababu hazimletei barua za malalamiko: hakuna atakayekanusha kwamba sumukuvu ni changamoto. Lakini dai lisiloweza kukosolewa haliwezi pia kumsaidia mtu kuamua chochote. Kwa hiyo ninapendekeza kipimo kingine cha kalamu. Baada ya kupigia mstari madai, tazama sentensi zilizobaki bila mstari. Kama zikiondolewa msomaji hapotezi kitu, ziondoke. Katika aya yetu zitakwenda mbili kati ya nne, na nafasi yake itatosha kuelezea chupa ya chumvi.

Najua pingamizi linalokuja kwanza: kazi yote hii inachukua muda uleule wa kuandika mwenyewe, sasa mashine ya nini? Mara nyingine ni kweli, na mahali hapo mashine iachwe. Inafaa zaidi kwa kazi ambayo mwandishi tayari ana ushahidi mkononi: kupanga maelezo aliyoyakusanya, kumwonyesha swali alilolisahau, kufupisha kurasa alizozisoma mwenyewe. Inafaa kidogo kabisa pale inapoombwa kuwa chanzo. Anayepima faida ya mashine kwa dakika za kuchapa hahesabu dakika za kusahihisha. Mwanzoni mwa 2023 ilijulikana kwamba tovuti ya Marekani ya habari za teknolojia, CNET, ilikuwa imechapisha makala 77 za mambo ya fedha zilizoandikwa kwa msaada wa mashine. Baada ya kukaguliwa upya, 41 zililazimika kusahihishwa. Moja ilimwambia msomaji kwamba dola 10,000 zikiwekwa kwa riba ya asilimia 3 zitamletea faida ya dola 10,300 kwa mwaka, wakati faida ni 300. Wahariri walikuwepo na makala zilipita mikononi mwao. Ulaini wa maandishi uliwafanya wasome bila kukokotoa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: binadamu nao hukosea, na magazeti yalijaa makosa kabla ya mashine hizi. Sikatai. Lakini makosa ya binadamu huwa na alama. Mwandishi asiyejua jambo husitasita, huandika kwa kuzungukazunguka, huacha pengo, na mhariri mzoefu huliona pengo hilo. Rasimu ya mashine hulijaza pengo kwa maneno yenye sauti ileile ya uhakika. Mei 2025 gazeti la Chicago Sun-Times lilichapisha orodha, iliyoandaliwa kwa msaada wa mashine, ya vitabu 15 vya kusoma msimu wa joto. Kumi havikuwahi kuandikwa, ingawa waandishi waliotajwa ni watu halisi na muhtasari wa kila kitabu ulivutia. Ni vigumu kumfikiria mwandishi mvivu akitunga vitabu kumi. Angeandika vitano akaondoka. Alama zile tulizozitegemea hazipo tena, kwa hiyo uangalifu tulioutoa kwa maandishi yenye dalili mbaya sasa yatupasa kuutoa hata kwa yaliyo mazuri.

Pingamizi la tatu linagusa lugha yetu, na wanaolitoa wana nia njema. Wanasema Kiswahili kina maandishi machache ya kilimo, afya na sheria, kwa hiyo hata makala nyepesi ya mashine ni afadhali kuliko ukurasa mtupu. Naliheshimu pingamizi hili kwa kuwa njaa ya maandishi ni ya kweli. Ila tutazame kitakachotokea. Katika Kiingereza, namba moja mbaya inazungukwa na nyingi nzuri, na msomaji ana pa kulinganisha. Katika Kiswahili, makala kumi za mashine juu ya sumukuvu zinaweza kuwa ndizo sehemu kubwa ya yote yanayopatikana. Mwandishi wa kesho atatafuta uthibitisho wa 15.5, ataikuta mahali kumi, ataona mashahidi kumi wamekubaliana, kumbe wote ni sauti moja. Na mashine ya kesho kutwa itafundishwa kwa makala hizohizo. Ukurasa mtupu angalau humtuma mtu kwenda kumuuliza ofisa ugani.

Wapo watakaosema kwamba si kila mwandishi ana nauli ya kwenda Kiteto. Ni kweli, na sidai kila makala iwe na safari. Ushuhuda waweza kuwa wa simu ya nusu saa na mkulima anayehifadhi mahindi mwaka hadi mwaka, au wa jaribio la chupa lililofanywa uani. Ninachodai ni kwamba makala iseme wazi imeshuhudia nini na imesoma nini, na kama rasimu ilitoka kwa mashine, msomaji aambiwe na aliyeihakiki atajwe kwa jina. Jina hilo ndilo litakaloulizwa lori likikwama.

Hebu sasa tuiandike upya aya yetu. "Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5 au chini yake. Huna kipimo? Tikisa mahindi na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo: chumvi ikiganda, endelea kuanika. Isipoganda, bado anika zaidi, kisha yapimwe ghalani kama kipimo kipo, ndipo uyafunge kwenye mfuko usiopitisha hewa. Usiufungue bila haja. Chambua na utupe punje zenye ukungu, zilizobadilika rangi au kutobolewa. Usiwape ng'ombe wa maziwa, kwa kuwa sumu hupita ikaingia kwenye maziwa. Kupika hakuondoi sumu."

Ni ndefu kidogo kuliko ile ya kwanza, na bado ina upungufu ambao mhakiki mwaminifu hatauficha. Chumvi hupima unyevu, haipimi sumu. Mahindi yanaweza kupata sumu yakiwa bado shambani, hasa ukame ukiyabana, kisha yakakaushwa vizuri na kufungwa vizuri, punje zikang'aa, na sumu ikabaki humo. Hilo hugunduliwa kwa kupima sampuli, na sampuli ya mkono mmoja kutoka gunia moja haitoshi, kwa sababu sumu haisambai sawasawa: punje chache zinaweza kubeba karibu yote. Kwa hiyo makala inapaswa kumwambia msomaji wa wilaya husika ni maabara gani ya karibu inayopima, sampuli ichukuliwe vipi kutoka magunia mengi, na bei yake ni kiasi gani. Hakuna rasimu itakayoyajua hayo mpaka mtu apige simu maabara na kuuliza.